Shangazi, nimeletewa invoisi ya domeini na kampuni siijui, na mwenye paswadi hatuongei

Shangazi, salaam aleikum.

Mie ni mama wa makamo, nina nyumba ya wageni hapa Mji wa Kale, vyumba sita, tuliachiwa na marehemu baba. Wageni wangu wengi ni wa nje, wananipata kwa websaiti na wananiandikia kwa ile imeili ya info@ yenye jina la nyumba, mwisho wake .com. Websaiti alitengeneza mtoto wa dada yangu, yeye ndio alonunua domeini na hostingi, mie kazi yangu ilikuwa kumtumia pesa kwa Mpesa kila mwaka akiniambia. Mwaka jana tukakosana kwa pesa za nyumba hii hii, yeye na mamake wakaona wamepunjwa, akaenda zake Doha kufanya kazi na tangu hapo kimya, hata Idi hakunipa mkono.

Sasa imekuja imeili na invoisi ndani yake. Juu imeandikwa FINAL NOTICE kwa rangi nyekundu, jina la domeini yangu liko sawasawa, imesema itaisha tarehe 14 Novemba, dola 289, nilipe kwa kadi ndani ya siku tano ama huduma itasimamishwa. Chini kuna maandishi madogo madogo kwenye simu sikuweza kuyasoma. Kampuni siijui. Lakini tarehe wanaijua, jina wanalijua, na hakuna mwengine alieniandikia kunambia domeini inaisha, kwa hivyo naona hii ndio ya kweli.

Mume wangu anasema lipa, dola 289 si kitu ukilinganisha na kupoteza wageni wa Disemba. Binti yangu anasema ni matapeli tuitupe. Mie naogopa yote mawili, maana nikitupa na kumbe ni kweli, nimekwisha. Kumpigia mtoto wa dada, Shangazi, sijui hata nianzie wapi.

Na si hiyo peke yake. Mdogo wangu anaekaa mapokezi alipokea fomu ya orodha ya biashara, ati hakikisha anwani yako ni bure, akajaza akapiga muhuri akarudisha. Sasa wanadai yuro 890 kwa mwaka, miaka mitatu, na wanasema wametupeleka kwa wakusanya madeni. Nilipe ipi, niache ipi?

Mwenye Nyumba, Mji wa Kale

*

Aleikum salaam mwanangu. Pole, na vizuri umeuliza kabla ya kutoa kadi.

Hebu tuanze na yale maandishi madogo, kwa sababu mara nyingi mwandishi wa karatasi kama hiyo ukweli wake anauweka huko. Usiisome kwa simu. Ifungue kwenye kompyuta, ivute iwe kubwa, usome taratibu mpaka mwisho. Invoisi za namna hii huwa na sentensi kama "This is a solicitation" ama "This is not a bill", yaani hiki si deni, ni ofa tu, ukitaka chukua ukitaka wacha. Wanaiweka makusudi ili siku wakishtakiwa waseme si tuliandika. Halafu angalia kinachouzwa ni nini hasa. Mara nyingi huko chini utakuta neno domeini limeandamana na neno jengine, kwa mfano "search engine registration", maana yake wanakuuzia kuandikishwa kwenye injini za kutafuta. Google hailipwi na mtu kuingiza websaiti kwenye matokeo yake ya kawaida. Kwa hivyo yawezekana ukatoa zile dola 289, kama shilingi 37,000 hivi, na tarehe 14 Novemba ikafika vile vile na domeini haijalipiwa hata senti. Hilo ndilo linalonitisha mimi kuliko hata pesa zenyewe: kwamba ungelala ukijua umelipa.

Sasa hili la kwamba tarehe wanaijua. Mwanangu, tarehe ya kuisha domeini si siri. Kila domeini ya .com duniani ina kumbukumbu iliyo wazi, tarehe iliyosajiliwa, tarehe inayoisha, kampuni iliyosajili, mtu yeyote anaweza kuitazama bila ya kuomba ruhusa. Zamani hata jina la mwenyewe na anwani yake ya posta vilikuwa wazi, ndio maana barua hizi zilikuwa zinakuja kwa posta zikiwa na stempu na zimepigwa chapa vizuri. Marekani kuna kampuni ilijiita Domain Registry of America, hilo jina tu lasikika kama ofisi ya serikali, tume yao ya biashara FTC iliipeleka kortini mwaka 2003 kwa sababu watu walikuwa wanadhani wanarinyuu kumbe wanahamisha domeini zao kwenda kwa kampuni nyengine yenye bei ya juu. Tangu 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza, majina mengi yamefichwa, lakini tarehe na jina la msajili bado viko wazi. Imeili yako nayo umeiweka mwenyewe kwenye websaiti ili wageni wakuandikie. Mtu akiunganisha hivyo viwili ana kila kitu cha kuandikia invoisi, na simlaumu binti yako kuitilia shaka.

Lakini binti nae asiharakie. Hapa ndipo nataka uketi na mimi kidogo. Umesema hakuna mwengine aliekuandikia kwa hivyo hii ndio ya kweli. Hebu jiulize yule wa kweli angeandika wapi. Wasajili wa .com wako chini ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, na kanuni zake zinawalazimisha kumkumbusha mwenye domeini mara mbili kabla haijaisha, moja kama mwezi mmoja kabla na nyengine kama wiki moja kabla, na tena baada ya kuisha. Ila wanamuandikia yule alieandikishwa kwao kuwa mwenye domeini, kwa imeili aliyoitoa siku ya kununua. Na alienunua si wewe. Kwa hivyo ukumbusho wa kweli, ukija, utaingia kwenye simu ya kijana alioko Doha, pengine kwenye imeili asiyoifungua tena, na wewe hapa Mji wa Kale hutasikia chochote. Ndio nasema invoisi ni ya uongo karibu kwa hakika, na hofu yako ni ya kweli vile vile. Domeini yaweza ikakupotea kweli, ila si kwa sababu ya hii karatasi.

Basi kabla ya kuamua lolote pata ukweli wenyewe, hauna gharama. Ingia lookup.icann.org, andika jina la domeini yako peke yake bila www, halafu tazama vitu vitatu.

Cha kwanza tarehe, pale palipoandikwa Expiration. Tuseme utaona 14 Novemba kama walivyosema. Vizuri, sasa unajua siku ya kuiogopa ni hiyo, si zile siku tano za kwenye invoisi. Zile siku tano hazipo popote kwenye kumbukumbu, wamezitunga wao ili mtu alipe kabla ya kupata nafasi ya kuuliza, na wengine wanaleta invoisi miezi mingi kabla ya tarehe yenyewe kwa sababu hiyo hiyo.

Cha pili ni Registrar, yaani msajili. Linganisha jina hilo na jina la kwenye invoisi. Yakiwa tofauti, aliekuandikia si msajili wako, na asie msajili wako hawezi kukurinyulia, labda kwanza akuhamishe. Ila hapa watu wengi wanajikwaa, hasa huku kwetu: kijana yawezekana alinunua kwa kampuni ya hostingi ya hapa Kenya, na kampuni hiyo nayo inauza kwa niaba ya msajili mkubwa wa nje. Kwa hivyo utaona jina la kizungu ambalo hujawahi kulisikia, ukadhani umeibiwa, kumbe ndivyo biashara ilivyo. Usishtuke. Shuka chini mpaka Nameservers, utaona kitu kama ns1 halafu nukta halafu jina la kampuni. Hiyo mara nyingi ndio kampuni inakokaa websaiti yako, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo kijana alikuwa akiilipa kila mwaka. Kama unazo zile Mpesa zako za nyuma tazama pia, pengine mwaka mmoja alikwambia ulipe moja kwa moja kwenye peibili yao na jina la kampuni liko kwenye meseji.

Cha tatu ni Domain Status. Ukiona client transfer prohibited, shukuru, maana yake mlango umefungwa, mtu hawezi kuihamisha domeini kwenda kwa msajili mwengine mpaka afungue mwenye akaunti. Wale wa invoisi hata ukiwalipa hawataweza kuichukua bila ya kufunguliwa na bila ya ile namba ya siri ya kuhamishia, na namba hiyo anaipata alie na paswadi. Kwa hivyo wakikuandikia baada ya siku mbili wakuombe "auth code", ndiyo namba hiyo, jua wanataka nini.

Sasa bei, kwa sababu mume wako anasema dola 289 si kitu. Verisign, ambayo ndiyo inayoendesha .com yote duniani, Septemba 2024 ilianza kumtoza msajili dola 10.26 kwa mwaka. Msajili anaongeza faida yake, kodi yetu, mambo ya kubadilisha pesa, na hapa Kenya ikawa shilingi elfu moja na mia kadhaa, ikizidi elfu mbili na kitu. Dola 289 ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mimi simcheki mume wako, mtu anaefikiria wageni wa Disemba anafikiria sawa, lakini hesabu yake imesimama juu ya dhana kwamba hizo pesa zinanunua usalama wa jina. Muonyeshe yale maandishi madogo mukae muyasome pamoja, tena bila ya kumuonyesha kwamba binti ameshinda.

Haya, tuseme umeshajua tarehe na msajili. Njia ziko kadhaa na hakuna hata moja isiyokuwa na mwiba.

Kuna kuinyamazia invoisi basi. Kwa invoisi yenyewe sioni hasara yoyote. Hatari ni kwamba ukishaitupa utajiona umemaliza kazi, wiki zikapita, Novemba ikaingia. Domeini ya .com ikipita tarehe haifi siku hiyo hiyo. Websaiti na imeili zinaweza kuzimika mapema tu, hata siku chache baadae, na hapo wageni wakikuandikia barua zinarudi. Msajili anaweza kukupa mpaka siku 45 za kulipa, lakini urefu wake ni hiari yake, na wengine ndani ya muda huo huo washaanza kuipiga mnada. Ikishafutwa inaingia siku 30 nyengine za kukombolewa, kwa faini ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko bei ya kurinyuu kwa mbali, kisha siku tano, kisha inaachiwa na mtu yeyote duniani anaichukua. Na nikwambie kitu kimoja kinachowachanganya hata mafundi: wakati ule wa siku 45 ukitazama kumbukumbu waweza kukuta tarehe imeruka mwaka mzima mbele, ukafikiri kijana amelipa, kumbe ni mashine ya .com inajisogeza yenyewe na msajili hajapokea kitu. Ukiona "auto renew period" kwenye status, hiyo ndio dalili yake. Kwa hivyo tarehe uitazame sasa, si baada ya 14.

Njia ya pili ni kwenda kwa ile kampuni ya hostingi mwenyewe. Wapigie, wambie jina la domeini, uliza kama wataweza kupokea malipo ya kurinyuu kutoka kwako. Kampuni nyengine zinakubali, zinakupa namba ya invoisi na peibili, unalipa na domeini inasogea mwaka, na hawakuulizi paswadi kwa sababu kulipia hakubadilishi mwenyewe. Hii naipenda kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo kichwani mwako yamegandana, la domeini kufa Novemba na la ugomvi wa nyumba. La kwanza laweza kutulia kwa elfu mbili bila ya kungoja la pili. Udhaifu wake ni kwamba umelipia kitu ambacho kwenye karatasi bado si chako, mwakani utarudi pale pale. Na kampuni nyengine zitakataa, zitasema mwenye akaunti aingie mwenyewe. Ukipata jibu hilo beba cheti cha kusajiliwa biashara, kitambulisho, na zile Mpesa ulizokuwa ukimtumia, uwaombe warekodi madai yako. Sikuahidi kwamba watakupa akaunti. Wao wanamtambua alieandikishwa, na kusema kweli wakitoa akaunti kwa kila anaekuja na hadithi ingekuwa balaa kubwa zaidi ya hili.

Njia ya tatu unaijua, ndio uliyoiweka mwisho wa barua ukaipitia mbio mbio. Kumpigia kijana. Sitaki kukusukuma, maana ugomvi wa urithi siujui undani wake na dada yako nae ana maneno yake ambayo mimi sijayasikia. Ila nakuuliza, una hakika gani kwamba atakataa? Pengine hata hajui domeini inakaribia kuisha. Pengine na yeye anaogopa kukuandikia asije akaambiwa anatumia websaiti kukubana. Ikiwa utamtafuta, ushauri wangu ni kwamba usiingize nyumba wala haki ya nani katika meseji hiyo, na uombe kitu kidogo kinachojulikana. Kitu kama: "Asalam aleikum mwanangu, natumai huko wazima. Domeini ya nyumba inaisha 14 Novemba, na nimeletewa invoisi ya kampuni siijui. Naomba unambie tulinunua kampuni gani, na ukiweza uingie urinyuu, pesa nakutumia leo." Basi. Usiombe paswadi siku ya kwanza. Mtu aliehisi amenyimwa haki akiombwa ufunguo anasikia ananyang'anywa tena, wakati akiombwa msaada wa kazi yake mwenyewe pengine atajibu.

Ikiwa mlango utafunguka, la kuomba baadae ni ahamishe domeini kwenye akaunti yako ndani ya msajili yule yule na abadilishe jina na imeili ya mwenye domeini iwe yako. Na imeili hiyo isiwe ile ya info@, weka ya kando kama ya Gmail, kwa sababu domeini ikizimika na info@ inazimika nayo, na ukumbusho wote unazimika humo humo. Angalia pia utaratibu: rinyuu kwanza, ubadilishe umiliki baadae. Kubadilisha jina la mwenyewe kwa kanuni za ICANN kunaweza kuifunga domeini siku 60 isihamie kwa msajili mwengine, na kuhangaika na kufuli wakati tarehe imefika shingoni si jambo la kulitaka.

Ya nne ni kununua jina jipya uanze upya, .co.ke kwa mfano, hizo ziko chini ya KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, na unazinunua kwa msajili yeyote wa hapa, kwa jina lako mwenyewe tangu siku ya kwanza. Kama akiba naiona sawa, si ghali. Kama badala ya ile ya zamani naiogopa kwa nyumba ya wageni, kwa sababu jina la zamani limo kwenye vitabu vya safari, kwenye mitandao ya kubukia vyumba, kwenye kadi ulizogawa, na akija mtu akalichukua likiachiwa, barua za wageni wako wa zamani zitaingia kwake. Hebu fikiria mgeni anaeuliza atume wapi amana ya chumba.

Tuje kwenye ile ya muhuri. Kwanza usimgombeze mdogo wako. Fomu hizo zimetengenezwa na watu wanaojua kazi yao, juu zinauliza anwani na simu tu, neno bure ni kubwa, na ile yuro 890 kwa mwaka kwa miaka mitatu iko katikati ya aya chini kabisa, mara nyingi hata bila ya kuwekwa kwenye mstari wake. Mtu wa mapokezi kazi yake ni kuwapa watu anwani siku nzima. Mchezo huu umewaingiza mpaka madaktari na shule huko Ulaya, hadi Bunge la Ulaya likapokea malalamiko zaidi ya 400 na mwezi Disemba 2008 likapitisha azimio dhidi ya kampuni za orodha za kupotosha, na moja iliyotajwa humo kwa jina ni European City Guide.

Mume wako pengine atasema muhuri ni muhuri. Hoja hiyo siidharau, karatasi ilopigwa muhuri si sawa na invoisi ilokuja hivi hivi. Lakini maswali yapo: mdogo wako ana mamlaka ya kuifunga biashara kwa mkataba wa karibu yuro 2,700? Na aliambiwa nini kuhusu fomu ile? Mtu aliesaini kwa kudanganywa ana la kusema mbele ya sheria. Mara nyingi watu wanachofanya ni kuandika barua moja, fupi, kwamba fomu ilipotosha, aliejaza hakuwa na idhini, biashara haiutambui mkataba na haitalipa, wakaweka nakala ya fomu yenyewe na bahasha ama imeili ilokuja nayo, kisha wakaacha kujibizana. Ukiwajibu kila wakikuandikia wanajua kuna mtu nyumbani. Na watakuja na "punguzo", lipa mwaka mmoja tu tumalize. Hapo uwe macho sana, kwa sababu kulipa hata sehemu kunaweza kusomwa kuwa umeukubali mkataba, na miaka miwili ilobaki wataidai kwa nguvu zaidi.

Wale wakusanya madeni waliotajwa, tazama wanaandika kutoka wapi na kwa karatasi gani. Barua ya vitisho kutoka nje yenye jina la kampuni nyengine ambayo pengine ni wao wenyewe ni karatasi tu, haina askari wala haina dalali wa korti. Barua ya wakili wa hapa Kenya ni jambo jengine, na samansi ya korti ni jambo jengine kabisa, hizo mbili usizinyamazie hata siku moja, beba upeleke kwa wakili siku hiyo hiyo, kwa sababu kesi isiyojibiwa inaweza kuamuliwa bila yako. Sisemi itafika huko. Ningekuwa mimi ningezungumza na wakili nusu saa hata sasa, akaitazama fomu, halafu nikalala.

Ukitaka kuripoti, DCI wanapokea mambo ya utapeli wa mitandao, sheria yenyewe ya makosa ya kompyuta tunayo tangu 2018, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kitengo chake cha usalama wa mitandao, KE-CIRT. Peleka imeili nzima kama ilivyokuja, si skrinshoti peke yake, kwa sababu njia ilopitia imeandikwa ndani yake. Pesa hukutoa, kwa hivyo usitarajie mtu akimbizane nayo leo. Lakini angalau iwe kwenye faili yao.

Na pale mapokezi, muwekee mdogo wako utaratibu mwepesi tu: invoisi yoyote ambayo haikuagizwa na wewe kwa mdomo wako haijibiwi wala haipigwi muhuri, inawekwa kwenye trei moja mpaka uione. Akitokea wa hapa Kenya anadai, aulizwe PIN yake ya KRA na invoisi ya eTIMS. Mfanyabiashara wa kweli atazituma bila ya maneno, na hata mhasibu wako atazitaka mwisho wa mwaka. Wa nje hawana hiyo eTIMS, kwa hivyo kwao kipimo hicho hakisemi kitu, wao warudishe kwenye swali la kwanza, nani aliagiza.

Usiku huu fungua tu ile lookup uandike yale majina mawili, msajili na nameserver, kwenye daftari. La kijana liweke mpaka uwe umeshajua unamuomba nini hasa, na kama ukiona kumpigia kuzito, mamake yupo, dada yako wa tumbo moja, na pengine yeye ndie wa kuanza kuzungumza nae, wala si kwa habari za domeini.

Shangazi